Bi Fupisha na Kanuni Pacha

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Chuoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi mpishi wa kantini, kila mtu alimwita Bi Fupisha. Wanafunzi ndio waliombatiza, maana neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Ukimpelekea mlinganyo wenye herufi chungu nzima, "Fupisha." Ukianza kujieleza kwa nini umechelewa, basi la kwanza liliharibika, la pili likajaa, "Fupisha." Siku mkuu wa chuo alipohutubia mahafali hadi wazazi wakaanza kusinzia, wapo wanaoapa kwamba walimsikia mama huyu akilinong'ona neno lile kwenye viti vya nyuma. Mimi sikuwepo, lakini nawaamini.

Alifundisha elektroniki ya dijitali. Darasa lake lilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu, meza zenye alama za kuungua kwa risasi ya kulehemu, na feni ya dari yenye panga moja lililopinda, ambayo ikiwashwa ilitikisika utadhani inataka kuhama. Kilichompa sifa humo ni ramani. Wanafunzi wa fani hii wanaijua: unachora visanduku, unajaza moja na sifuri, kisha unazungushia zile moja zinazopakana, na mlinganyo uliokuwa mrefu unatoka mfupi. Bi Fupisha aliichora kwa mkono mtupu, bila rula, mistari imenyooka kama imepigwa kwa uzi. Wanafunzi wake wa zamani walitawanyika viwandani na maofisini, na wengi wao ukiwauliza wanakumbuka nini chuoni, watakwambia ramani za Bi Fupisha.

Halafu macho yakamgeuka.

Hayakufa yote. Kingo zilibaki. Aliweza kuona mlango, meza, mtu anayepita ubavuni mwake. Lakini katikati ya kila alichokitazama palikaa doa la ukungu, na doa hilo lilimfuata popote alipogeuza jicho. Daktari wa macho alimwambia kwa upole kwamba miwani haitasaidia kitu, na doa halitarudi nyuma. Visanduku vya ramani vilimezwa kimojakimoja. Akitazama moja, inapotea. Akitazama pembeni ili aivizie, inarudi bila jirani yake, na ramani isiyo na majirani ni visanduku tu.

Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kazi pale pale mbele ya nyumba.

"Mama watoto, waambie," mumewe alimsihi, mguu ukiwa juu ya pedeli. "Macho si wizi."

"Nikiwaambia watanipeleka stoo."

Na stoo ilikuwa kweli. Mwalimu wa kuchomea vyuma, mwanamume aliyewahi kuunga mabomba usijue yalipounganishwa, alianza kutetemeka mikono. Hawakumfukuza. Walimpa kiti katika stoo ya vifaa, agawe chaki na karatasi hadi afikie umri wa kustaafu. Bi Fupisha alikwenda kuchukua chaki siku moja akamkuta amekaa ameelekea ukutani, mikono ameifungia makwapani. Alimsalimia, naye akaitikia vizuri tu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tangu siku hiyo aliiogopa stoo kuliko alivyokiogopa kifo, na sitanii.

Basi akafanya nini? Akaiweka ramani kando, akarudi kwenye sheria zenyewe. Aljebra ya Boole, hesabu inayobeba ramani zile, ina hisani moja kubwa: inaweza kusemwa. Herufi ni chache, na thamani ni mbili tu, sifuri na moja. Kinachobaki ni maneno ambayo hata mtoto anayo, "na", "au", "si". Alichokuwa akikiona kwenye visanduku sasa akakisikia. Madaftari ya wanafunzi alisomewa na mumewe, pini zikiwa mdomoni, sauti ikitokea upande mmoja.

"Si-A na B, au A na C... mke wangu, haya ni mapenzi ya watu watatu?"

"Soma tu, baba watoto."

Mwisho wa muhula fundi cherehani yule alikuwa ameanza kusahihisha. "Huyu hapa amekosea kumeza," alisema, akimaanisha ile kanuni kwamba A, au A na B, ni A tu, kwa kuwa A mkubwa anammeza mwenzake. Ni yeye pia aliyempa mkewe njia ya kuifundisha kanuni ya upacha. Bi Fupisha alikuwa akilalamika kwamba wanafunzi hawaamini: unawaambia kila sheria ina pacha, badilisha kila "na" iwe "au", kila "au" iwe "na", sifuri iwe moja na moja iwe sifuri, na sheria itakayotoka ni ya kweli bila kuithibitisha tena. Wanadhani ni mazingaombwe.

"Kwani mimi mkono wa kushoto wa shati naukata upya?" mumewe akasema. "Naigeuza karatasi ile ile niliyokatia mkono wa kulia. Kama wa kulia umekaa, na wa kushoto utakaa."

Kesho yake Bi Fupisha aliingia darasani na mikono miwili ya shati, na tangu hapo hakuna aliyesema mazingaombwe tena.

Kwa ujanja wake akaweka na utaratibu. Ubaoni hakwenda mwanafunzi mmoja, walikwenda wawili. Wa kushoto anafupisha mlinganyo, wa kulia anafupisha pacha wake, mstari kwa mstari, na kila mmoja anasema kwa sauti anachokiandika. Mistari miwili ikikosa kuwa mapacha, mmoja wao ameteleza. Wanafunzi walidhani ni mbinu mpya ya kufundishia. Ilikuwa mbinu, lakini ilikuwa pia fimbo yake ya kutembelea.

Aliyemchosha katika utaratibu huo ni mwanafunzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amevuta nyaya kwenye nyumba za watu miaka mingi kabla ya kuja kutafuta cheti. Wenzake walimwita Fundi. Akisimama ubaoni husoma kila kitu hadi vumbi la chaki. "Nafungua mabano. Si-A, mstari uko juu yake. Au. B, haina mstari. Nafunga mabano. Nashuka mstari wa chini." Bi Fupisha alikuwa anakereka.

"Wewe Fundi, unatangaza mpira? Fupisha!"

"Samahani, mwalimu," Fundi anajibu, kisha anaendelea vile vile.

Ikafika asubuhi ambayo mkuu wa idara aliingia darasani bila taarifa. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, kijana aliyekuwa akisinzia dawati la mwisho, leo ana ofisi yenye pazia. Nje ya chuo walikuwa mwalimu na mwanafunzi wake. Ndani ya chuo kijana alikuwa mkuu, na Bi Fupisha mtumishi. Mkuu alisalimia, akaketi nyuma. Bi Fupisha akajua. Kuna mtu aliyeona anavyopapasa kizingiti cha ngazi, au anavyoisogeza karatasi puani, maneno yakatembea, na sasa yameketi dawati la mwisho yamekunja nne.

"Mwalimu, endelea tu," mkuu akasema. "Ila leo swali nitatoa mimi."

Akainuka, akaenda ubaoni, akaandika. Chaki ililia kidogo, ikanyamaza. Hakutamka hata herufi moja. Akarudi kuketi.

Ubao mbele ya Bi Fupisha ulikuwa ukungu mweupe ndani ya ukungu mweusi. Aliisikia feni ikitikisika juu na akaichukia. Lakini sauti yake ilitoka kavu kama kawaida.

"Fundi, kushoto. Msomee kila mtu swali, kisha ufupishe. Redio, kulia. Toa pacha."

Redio alikuwa binti mdogo kuliko wote darasani, mwerevu, mwepesi, na kama jina lake linavyosema, akiwashwa hazimiki. Wawili hao wakasimama.

"Si-A na B," Fundi akasoma polepole, "mstari uko juu ya A peke yake. Au A na C. Au B na C. Basi, swali limeishia hapo."

Bi Fupisha akashusha pumzi. Alilijua umbo lile kama anavyolijua jiko lake. Kipande cha tatu, B na C, ni cha ziada. Fikiria A ni swichi. Ikiwa chini, B inatosha kuwasha taa. Ikiwa juu, C inatosha. B na C zikiwapo zote mbili, swichi ikae juu au chini, taa imeshawaka, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuzitaja tena. Kwenye ramani hilo unaliona kwa jicho moja. Kwenye aljebra unalitafuta kwa njia inayowashangaza wageni: ili ukitoe kitu, kwanza unakirefusha.

"B na C naizidisha kwa moja," Fundi aliendelea, "na moja hiyo naiandika kama A au si-A, kwa sababu lazima mmojawapo awe kweli. Nafungua. Napata A na B na C, au si-A na B na C. Ya kwanza inamezwa na A na C. Ya pili inamezwa na si-A na B. Zinabaki mbili. Si-A na B, au A na C."

"Na kulia?"

Redio alikuwa amemaliza kitambo, kama kawaida yake. "A au si-B, mabano, na, si-A au si-C, mabano. Kipande cha tatu kimemezwa. Nimemaliza, mwalimu."

Hata wale wa dawati la mwisho waliona kwamba mistari miwili ile haikuwa mapacha. Mkuu wa idara akakohoa.

"Mmoja kati yao amekosea, mwalimu. Nani?"

Swali hilo mwenye macho angelijibu kwa kutupa jicho juu ya ubao. Bi Fupisha hakuwa na jicho la kutupa. Alikuwa na sentensi mbili kichwani. Akafumba macho kabisa, kwani yalikuwa yanamsumbua tu, akazigeuza zile sentensi taratibu. Hesabu ya Fundi ilikuwa safi. Hesabu ya Redio nayo ilikuwa safi. Basi kosa liko mwanzoni kabisa, kabla ya hatua ya kwanza. Ama Fundi alisoma swali vibaya, ama Redio aliligeuza vibaya. Akamgeuza Redio arudi alikotoka: A na si-B, au si-A na si-C. Ukilinganisha na la Fundi, kila herufi imepinduka. Yenye "si" haina, isiyo nayo inayo. Hakuna iliyosalimika.

Hapo akatabasamu.

"Fundi hajakosea," alisema. "Mtu anaweza kusoma vibaya herufi moja. Akichoka sana, mbili. Hasomi vibaya zote. Zikiharibika zote kwa mkupuo, hilo si kosa la macho, ni kosa la kanuni. Redio, ulibadilisha nini ulipotoa pacha?"

"Kila 'na' nikaweka 'au', kila 'au' nikaweka 'na'. Na herufi nikazigeu..." Redio akajishika mdomo. "Jamani!"

"Herufi haziguswi. Ukigusa na herufi, hukuandika pacha, umeandika mpinzani. Mpinzani ni yule anayekataa kila unapokubali. Hebu jaribuni. A sifuri, B moja, C moja. Fundi?"

"Ya kwangu moja, mwalimu."

"Redio, ulichoandika?"

"Sifuri."

"Na pacha wa kweli je? Si-A au B, na, A au C."

Redio alihesabu kwa vidole. "Moja na moja. Moja."

"Umeona? Pacha hana ugomvi na mwenzake. Mara wanakubaliana, mara hawakubaliani, kila mmoja na maisha yake. Kinachofanana ni njia waliyopita. Futa, anza upya, na mikono yako iwe mbali na herufi."

Darasa likacheka, Redio akacheka kuliko wote, na chaki zikaanza upya. Mkuu wa idara alitikisa kichwa kukubali, kwa namna ya mtu aliyeshiba. Bi Fupisha alikuwa amepona. Ilibaki kengele tu.

"Vizuri sana," mkuu akasema. "Sasa mwalimu, wahakikishie kwa ramani. Wachoree kama ulivyotuchorea sisi. Nimewaambia walimu wenzako kwamba hawajaona ramani."

Alisema kwa mapenzi kabisa. Ama labda alikuwa anapima. Baadaye hata yeye mwenyewe hakuweza kuapa.

Bi Fupisha aliishika chaki. Njia ya kutoka ilikuwa wazi, na aliijua: "Fundi, chora wewe, mimi nimeshachora vya kutosha." Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Alimfikiria mwalimu wa kuchomea na mikono yake makwapani. Kisha akamfikiria Redio, ambaye dakika chache tu zilizopita alijishika mdomo mbele ya mkuu wa idara, akafuta, akaanza upya, na wala hakufa. Akaona haya. Si kwa sababu ya macho yake. Kwa sababu ya kuwa mwalimu anayewadai watoto wa watu ujasiri ambao yeye hana.

"Siwezi," akasema. "Sioni ubao. Tangu mwaka jana siuoni."

Akaiweka chaki chini. Alisubiri minong'ono, na minong'ono haikuja. Kilichokuja ni sauti ya Redio, ambaye kunyamaza kwake kote kwa mwaka mzima kulikuwa kumempasua kifua.

"Mwalimu, si tunajua!"

"Redio," Fundi akamkanya.

"Acha niseme, kaka. Mwalimu, tunajua tangu siku ile ulipompongeza mtu kwa mstari ambao alikuwa ameshaufuta. Kwani unadhani Fundi anasoma mabano kwa sababu anapenda kusoma mabano? Hata wewe ulimgombeza, na sisi tukamwambia acha basi, anakugombeza kila siku. Akakataa."

Bi Fupisha aligeuza uso upande wa Fundi. Kwa pembe ya jicho alimwona, mtu mrefu aliyeinamisha kichwa, chaki mkononi.

"Ni mazoea ya kazi tu, mwalimu," Fundi akasema kwa aibu. "Ukifanya kazi ya umeme na mwenzako yuko juu ya dari, hakuoni, unamwambia kila unachogusa. Usipomwambia utamuua."

Machozi yalimtoka Bi Fupisha pale pale, mbele ya mkuu na mbele ya watoto, wala hakuyafuta. Muda wote alidhani yeye ndiye aliyewaongoza kwa hila katika giza lake, kumbe alikuwa ameshikwa mkono.

Mkuu wa idara aliwaomba wanafunzi watoke. Wakabaki wawili na feni yao. Mkuu aliuacha ukuu wake juu ya dawati, akamsogelea.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Stoo, mwanangu. Naiogopa stoo."

Mkuu alitazama sakafuni. Yeye ndiye aliyempeleka mwalimu wa kuchomea kule, na alikuwa amejiambia kwamba ni hisani. "Sitakudanganya," alisema mwishowe. "Nitamweleza mkuu wa chuo, sina budi. Ramani atafundisha yule mwalimu kijana, wewe ubaki na sheria, upacha na ufupishaji. Mwaka huu hilo naweza kulisimamia. Mwaka ujao sijui." Akaelekea mlangoni, akarudi tena. "Na yule mzee wa stoo. Mikono imemwisha, lakini mdomo wake haujatetemeka. Na yeye anaweza kumwekea mtu mwingine chombo mkononi, akamwelekeza kwa maneno."

"Nenda ukamwambie leo," Bi Fupisha akasema. "Usingoje kesho."

Jioni mumewe aliisikiliza habari yote, pedeli imesimama. Alimshika mkono tu, akaushika mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali akaona bora arudi baadaye.

Kipindi kilichofuata Bi Fupisha aliingia darasani bila kujifanya anatazama ubao. Alivuta kiti, akaketi kando, akawapa swali. Fundi alipita mbele upande wa kushoto. Pengine kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha, au kwa kuona haya, safari hii alisoma haraka haraka, mabano akayaruka, mistari akaitaja nusu nusu.

Bi Fupisha aliinua mkono, na darasa zima likajua neno litakalofuata. Wengine walishaanza kulitamka kimyakimya.

"Usifupishe, Fundi," akasema. "Nisomee yote."

Fundi akarudi mwanzo. "Nafungua mabano," akasema, na Bi Fupisha akafumba macho asikilize.